Kamera Iliyokaa Eda

Mume wa shangazi yangu alipofariki, ndugu zake waliahidi mbele ya watu waliokuja kwenye arobaini kwamba mjane atabaki katika nyumba ile ya Mbwawa mpaka Mungu amchukue. Ndivyo marehemu alivyotaka, na kila mtu alijua. Shangazi hakujaaliwa mtoto, nyumba waliijenga wote wawili kwa miaka mingi, na nje ya nyumba ile alichokuwa nacho ni jina lake zuri tu. Ahadi ile ilitolewa kwa sauti kubwa, huku pilau ikinukia, na mtu mwenye pilau mbele yake huahidi mambo mengi.

Pilau ilipokwisha walianza kujuta. Barabara ya kule ilikuwa imechongwa, watu wa mjini walikuwa wanakuja kuulizia viwanja, na nyumba yenye uzio na maji ya bomba haikuwa mchezo tena. Lakini ahadi ya mbele ya watu haivunjwi hivi hivi. Inahitaji sababu. Nao wakaamua kuitafuta sababu hiyo kwa vifaa vya kisasa.

Nilitumwa kukaa na shangazi wakati wa eda yake. Nilikuwa nimemaliza chuo, na kazi yangu pekee duniani ilikuwa kusubiri ajira, kazi ambayo mtu anaweza kuifanyia popote. Baba yangu, ambaye ndiye kaka yake shangazi, analima Vihingo huko Kisarawe. Alinipa begi na kuniambia, "Nenda ukakae na shangazi yako, asikae peke yake na wale watu." Nikadhani anazidisha. Baba huwa hazidishi, ni mimi tu huwa nachelewa kuelewa.

Wiki ile ile ya arobaini akaja mdogo wake marehemu, mtu mwenye kofia nzuri na kauli ya taratibu, ambaye katika kila kikao cha ukoo hujikuta ameketi kiti cha mbele. Mimi nilimwita baba mdogo kwa adabu, lakini moyoni nilimwita Mwenyekiti. Alikuja na boksi lenye kamera mbili.

"Shemeji, hii ni kwa usalama wako," akamwambia shangazi. "Mjane peke yake, dunia imeharibika. Sisi tukiwa mbali tutakuwa tunakuona kwenye simu."

Shangazi alishukuru. Alishukuru kwa dhati kabisa, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Mimi ndiye niliyeziunganisha, kwa sababu Mwenyekiti alishindwa kusoma karatasi ya maelekezo na hakutaka ionekane hivyo. Moja tuliifunga langoni, nyingine nyuma upande wa jikoni. Zilikuwa za betri na kipande cha sola, zenye laini ya simu ndani yake. Video hazikai kwenye kamera, zinapanda mtandaoni na kuhifadhiwa kwenye mitambo ya kampuni huko mbali, na kwa hifadhi hiyo unalipia kila mwezi. Mwenyekiti alikuwa amechagua mpango wa chini kuliko yote: kamera moja tu, video za siku saba, na kurekodi matukio peke yake. Kamera ya langoni ndiyo iliyoingia kwenye mpango. Ile ya jikoni ungeweza kuitazama papo kwa papo ukitaka, lakini haikuweka kumbukumbu yoyote.

Maana ya kurekodi matukio ni hii. Kamera imelala. Kitu kikipita mbele yake inazinduka, inachukua kipande cha sekunde chache, inampelekea mwenye simu taarifa kwamba kuna mwendo umeonekana, halafu inapumzika dakika kadhaa ili kubana betri. Lolote litakalotokea wakati imepumzika, kwake halikutokea. Niliyajua hayo kwa sababu nilisoma karatasi. Mwenyekiti hakuyajua kwa sababu alikuwa na kofia.

Shangazi akaendelea na eda yake. Alivaa nguo zake za kawaida zilizopauka, hakujipaka manukato, hakutoka nje ya uzio. Alifagia, alichambua mchele, alisali, alisoma Kurani yake ya herufi kubwa. Sijawahi kumwona mtu aliyetulia namna ile. Na kamera ya matukio haina habari na mtu aliyetulia. Anaweza kukaa kwenye mkeka mchana kutwa, kamera ikaona siku ile hakuna kitu.

Mwezi wa pili wa eda niliondoka siku moja kwenda Kisarawe mjini kushughulikia cheti changu cha kuzaliwa, na kwa vile ofisi za serikali nazo hupumzika baada ya kila tukio, nililala huko. Siku hiyo baba alikuwa ametuma gunia la mihogo. Alilipakia kwenye gari la Mlandizi, na akampigia simu bodaboda mmoja wa stendi ya huko alifikishe kwa dada yake. Kijana akafika, akapita langoni na gunia begani na helmeti kichwani, akalitua mlangoni pa jikoni, shangazi akamshukuru akiwa nyuma ya pazia, kijana akaondoka. Dakika mbili, labda hazikufika.

Kamera ilimnasa akiingia. Alipotoka ilikuwa imepumzika. Tukio lililofuata, kwa mujibu wa simu ya Mwenyekiti, lilikuwa kuku akitoka langoni alfajiri ya kesho yake.

Niliporudi nikakuta grupu la ukoo limeshika moto. Mwenyekiti hakujua kwamba ile video inaweza kupakuliwa, kwa hiyo alikuwa amechukua simu ya mkewe akairekodi skrini ya simu yake, kidole gumba kikitetemeka pembeni, akaituma. Chini yake aliandika: "Inna lillahi. Mwanamume kaingia jioni. Hakutoka. Mwenye akili afahamu."

Wenye akili walifahamu haraka sana. Dada yake marehemu, yaani wifi yake shangazi, alituma nyuso za kulia mstari mzima, kisha akaandika kwamba yeye alijua tangu siku ya mazishi. Mwingine akauliza kama mtu aliyevunja eda anaweza kuendelea kukaa kwenye nyumba ya marehemu. Hilo ndilo swali walilokuwa wanalitafuta. Likishapita mdomoni mwa watu, shangazi mwenyewe angefungasha na kurudi Vihingo kwa aibu, wala hakuna ambaye angelazimika kumfukuza.

Nilimpigia Mwenyekiti. "Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mwanangu. Pole na mtihani."

"Mtihani gani? Yule ni bodaboda wa Mlandizi. Baba ndiye aliyemtuma na gunia la mihogo. Mihogo yenyewe hii hapa, tunakula."

"La gunia tunaliamini," akasema kwa upole. "Gunia tumeliona. Ni la kutoka ndilo hatulioni."

"Basi muulizeni bodaboda."

"Bodaboda atasema chochote. Kamera haisemi uongo."

Nikakata simu. Shangazi alikuwa amesikia yote. Hakulia. Aliendelea kumenya mhogo, lakini alikuwa anaumenya mpaka unakaribia kwisha.

Kesho yake nikafanya jaribio. Niliingia langoni na ndoo, nikatoka, nikaingia, nikatoka. Kisha nikamwomba Mwenyekiti, kwa unyenyekevu wa kuigiza, anitumie matukio yote ya wiki ili nami nijifunze. Akatuma. Kwa mujibu wa kamera mimi niliingia na ndoo na sijatoka mpaka leo. Mama jirani aliyetuletea bakuli la maharage naye bado yumo ndani. Na kuku mwekundu wa shangazi alikuwa ametoka nyumbani mara tisa bila kurudi hata mara moja, ingawa kila jioni tulimfungia bandani kwa mikono yetu.

Niliyaandika hayo kwenye grupu. Nikauliza kama na kuku avuliwe urithi. Hakuna aliyecheka. Wifi akajibu kwamba watoto wa siku hizi hawana adabu, na hapo sikumbishia.

Lakini Mwenyekiti aliona kwamba hoja ya kuku inaanza kuingia kwenye vichwa vya baadhi yao. Akanichukua twende dukani Kibaha walikonunua zile kamera. Akamwambia binti wa dukani kwamba anataka mpango mkubwa, ule wenye kila kitu, ili aone ile jioni yote tangu yule mwanamume aingie mpaka atoke.

"Ile jioni haipo, mzee," binti akasema.

"Ndiyo maana nataka kulipia zaidi."

"Ukilipia zaidi itarekodi zaidi kuanzia leo. Ya nyuma ambayo haikurekodiwa haipo popote."

Mwenyekiti akamtazama kama mtu aliyeambiwa kwamba noti zake ni bandia. Katika maisha yake alikuwa hajakutana na jambo lililokwishapita ambalo haliwezi kurekebishwa kwa kuzungumza vizuri na mtu wa mezani.

Hapo nikapata wazo, na nakiri kwamba lilinifurahisha. Nikamwambia, "Baba mdogo, chukua wa mfululizo. Ule unaorekodi usiku na mchana bila kupumzika. Kama shangazi ana mambo, hataweza kukwepa."

Alishangaa kuniona niko upande wake. Akanishika bega, akasema damu nzito. Damu yenyewe mimi na yeye hatuna hata tone la pamoja, lakini sikumsahihisha.

Mpango wa mfululizo una masharti yake. Unalipiwa kwa kila kamera. Unahifadhi siku thelathini, na siku mpya ikiingia ile ya zamani kabisa inajifuta yenyewe. Kamera za betri haziuwezi, zingezima kabla ya adhuhuri, kwa hiyo zilihitajika nyingine za kuchomeka ukutani. Tena zinakula bando kwa sababu video inapanda mtandaoni saa zote, mtu apite asipite. Wanandugu wakaanza kubishana iwe kamera ipi. Mwenyekiti alitaka lango. Wifi alitaka jikoni, akasema mambo yote hupitia jikoni. Mwisho wakaamua kuchanga zote mbili. Mchango wa matanga ya kaka yao ulikuwa umewachukua muda mrefu kukamilika. Huu ulikamilika siku hiyo hiyo.

Umeme ulipokatika mara ya kwanza, video ikaacha pengo, na Mwenyekiti akapiga simu akihema kuuliza shangazi alikuwa wapi wakati ule. Nikamjibu kwamba alikuwa gizani pamoja na kata nzima. Akaleta betri ya akiba. Tangu hapo haikukosekana hata dakika, na yeye mwenyewe akawa anajisifu kwamba nyumba ile sasa inaonwa kuliko benki.

Shangazi hakuuliza chochote kuhusu vile vitu. Mara moja tu aliniuliza ile taa ndogo kwenye kamera ina maana gani. Nikamwambia ina maana iko hai, na kwamba wakitaka wanaweza kumwona na kumsikia, na hata kuongea naye, maana ina spika.

"Wanaweza kuongea?" akauliza.

"Wakibonyeza, ndiyo."

Akatikisa kichwa, akarudi kwenye mchele wake.

Eda ikaisha. Wanawake wa jirani wakaja kumtoa, wakamwogesha, wakamvika gauni jipya, na baada ya dua kikao cha ukoo kikaketi sebuleni pale pale. Mwenyekiti alikuwa amemwalika ustadhi wa msikiti, mzee mkavu asiyependa maneno mengi, ili hukumu iwe na baraka. Aliyefungua programu ya kamera kwenye televisheni ni mimi, kwa kuwa mwenye kujua kuiendesha nilikuwa mimi. Shangazi alikaa kwenye mkeka karibu na mlango, mikono mapajani.

Mwenyekiti akaeleza. Akaonyesha kile kipande cha helmeti, chenye kidole gumba. Ustadhi akakitazama mara moja.

"Huyu aliingia," akasema. "Kisha?"

"Kisha hakutoka."

"Ulimwona akibaki ndani?"

Mwenyekiti akasema kwamba ndiyo maana waliweka kamera ya mfululizo, siku thelathini nzima ziko pale, kila dakika. Ustadhi akasema basi tuitazame hiyo. Nikavuta ule mstari wa saa chini ya skrini, tukatafuta. Tukampata yule yule bodaboda, maana baba alikuwa ametuma tena gunia. Akaingia, akatua gunia, sauti ya shangazi ikasikika nyuma ya pazia ikimwambia Mungu amlipe, akatoka. Safari hii hata mgongo wake ulionekana, akipanda pikipiki yake. Ustadhi akaguna.

"Endelea," akaniambia.

Nikaendelea. Tukamwona shangazi kwenye mkeka. Nikasogeza mbele, shangazi kwenye mkeka. Siku nyingine, shangazi anafagia, shangazi kwenye mkeka. Mama jirani na bakuli. Kuku akitoka, na mwishowe, kwa heshima yake yote, kuku akirudi. Watu wakaanza kukohoa na kubadilisha mikao. Hakuna kitu kigumu kukitazama kama mtu mwema asiyefanya lolote.

Ndipo ustadhi akauliza, bila hata kugeuza uso kutoka kwenye televisheni, "Na nyinyi mko wapi humu?"

Hakuna aliyeelewa mara moja.

"Nauliza. Mjane wenu alikuwa kwenye eda. Nani alikuja kumjulia hali?"

"Mimi kila Ijumaa nilikuwa hapa," wifi akasema haraka.

"Ijumaa ipi? Mwanangu, rudisha."

Nikarudisha. Ijumaa ya kwanza, mkeka. Ya pili, mkeka na mama jirani. Ya tatu mvua, mkeka umeingizwa ndani. Ya nne hakuna mtu.

"Labda haikuninasa," wifi akasema. "Hizi kamera si huwa zinapumzika?"

Na hapo Mwenyekiti, kwa kiburi cha mtu aliyenunua kitu kizuri, akajibu kabla hajafikiri: "Hii haiwezi kukosa. Hii ni ya mfululizo. Ile ya mwanzo ndiyo ilikuwa inaruka."

Nilitazama sakafu ili nisicheke. Na ile ya mwanzo ndiyo waliyoisifu kwamba haisemi uongo.

"Na wewe?" ustadhi akamuuliza.

Mwenyekiti akavua kofia, akaitazama ndani.

Ningependa kusema kwamba nilifurahia ushindi wangu. Nilifurahia kidogo. Lakini video ilikuwa imesimama asubuhi moja mapema, saa ambazo mimi baada ya sala ya alfajiri huwa nimerudi kulala, na nilipobonyeza iendelee tukamwona shangazi akitoka jikoni na ufagio. Akaja mpaka chini ya kamera. Akainua uso.

"Assalaam alaykum," akasema. "Mmeamkaje huko?"

Akasubiri. Alisubiri kama mtu anavyosubiri mlangoni, kichwa kimeinama kidogo, akiisikiliza ile spika. Kisha akaanza kufagia.

Nikasogeza asubuhi iliyofuata. "Assalaam alaykum. Mmeamkaje?" Akasubiri. Iliyofuata tena, na iliyofuata. Asubuhi moja aliwaambia kwamba mpapai wa kaka yao umezaa na kwamba atawawekea yaliyoiva. Asubuhi nyingine aliuliza kama mguu wa wifi yake umepata nafuu. Nikaacha kusogeza. Mimi niliyekuwa nalala vyumba viwili kutoka hapo nilikuwa nayasikia kwa mara ya kwanza pamoja nao.

Wifi akajifunika ushungi usoni. Safari hii alikuwa analia kweli.

"Mimi nilijua mnanisikia," shangazi akasema kutoka mkekani. Hakuwa analaumu, alikuwa anaeleza tu. "Huyu mtoto aliniambia kuna kitufe cha kujibu. Nikasema labda hawajakijua."

Ustadhi akafunga kikao kwa maneno machache. Eda imetimia. Robo ya urithi ni haki ya mjane iwe kamera ipo au haipo, na ahadi ya arobaini ilitolewa mbele yake yeye ustadhi mwenyewe, anaikumbuka. Anayetaka kuivunja aje msikitini aseme baada ya sala ya Ijumaa. Hajatokea mtu mpaka leo, na shangazi bado anaishi Mbwawa.

Zile kamera hazikuondolewa. Mpango wa mfululizo ulipofika mwisho wa mwezi, kila mmoja aliamini mwenzake kalipia, na hakuna aliyelipia. Taa ndogo inawaka kwa sababu umeme upo, lakini hairekodi chochote, hata kuku. Aliyejua hilo ni mimi, maana mpango ule niliusajili kwa namba yangu, na taarifa ya kwamba malipo yamekwisha ilikuja kwenye simu yangu.

Na wao wakaanza kuja. Wifi sasa ni Ijumaa kweli kweli, na kikapu. Mwenyekiti huleta sukari. Kila anayefika husimama kwanza langoni, huinua uso kwenye kamera, hukaa hivyo kidogo ili anaswe vizuri, kisha husema kwa sauti ya kusikika, "Assalaam alaykum!" Ndipo huingia.

Nilimwambia shangazi kwamba kamera ile haiweki tena kitu, na kwamba nina hamu kubwa ya kuwaandikia kwenye grupu.

Alikuwa anamchagulia wifi yake papai. Akaligeuza, akalibonyeza kwa kidole kuona kama limeiva.

"Usiwaambie," akasema. "Watoto wa marehemu baba mkwe wangu hao. Wamechelewa kujibu tu."